Nitumie picha ya upande wa pini: jinsi ninavyotambua chaja na visikizi feki

Wengi wanaoniuliza kama chaja ni orijino hunitumia picha ya boksi na picha ya upande wenye jina la kampuni. Hizo ndizo picha zisizonisaidia. Anayetengeneza feki anajua macho ya mnunuzi hutua wapi, kwa hiyo boksi na jina huyashughulikia kuliko kitu kingine chochote. Chaja feki zinazouzwa hapa Kisumu siku hizi zina nembo safi kabisa, na kwa nembo peke yake hata mimi siwezi kukuambia lolote. Upande anaouzembea ni ule unaogusa soketi, wenye pini na yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Nitumie huo.

Picha yenyewe iwe ya chaja utakayopewa. Wauzaji wa mtandaoni huokota picha ya kampuni, wakakuletea kitu kingine, hivyo mwambie muuzaji aweke kando ya chaja kikaratasi chenye jina lako. Apige karibu na dirisha bila flashi, kwa kuwa maandishi ya chaja nyingi nzuri ni ya kijivu hafifu na flashi huyafuta. Kamera itazame pini moja kwa moja kutoka mbele, isiinamie upande. Akituma kwa WhatsApp, aitume kama dokumenti, maana ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa, na ukiikuza herufi zinakuwa madoa tu.

Hivi karibuni mwalimu mmoja wa Ahero alinitumia picha nzuri ya namna hiyo. Chaja nyeupe ya Samsung, pini tatu, kwenye tangazo imeitwa ya wati 25, na muuzaji alikuwa tayari kumletea mpaka stendi.

"Fundi, hii ni orijino ama wananichezea?"

"Mwalimu, hebu ikuze picha, unisomee palipoandikwa Output."

Akanisomea: 9.0V 1.67A, halafu 5.0V 2.0A. Modeli iliyoandikwa juu yake ilikuwa EP-TA800.

Kwangu mazungumzo yangeishia hapo, lakini nilimfanyia hesabu ili aone mwenyewe. Wati ni volti mara ampea. Tisa mara 1.67 ni 15, na tano mara mbili ni kumi. Hakuna mahali popote kwenye lebo hiyo wati 25 zinapopatikana. Hizo namba ni za chaja ya zamani ya Samsung ya wati 15, ile ya modeli ya EP-TA20, na aliyetengeneza hii ameinakili lebo ya chaja moja akaipachika jina la nyingine. EP-TA800 halisi huandikwa 9.0V 2.77A, ambayo ni karibu wati 25 kamili, na 5.0V 3.0A. Chini yake kuna mstari wa pili wa PPS unaofika 11.0V 2.25A. Mstari huo wa pili ndio unaoiwezesha simu kuomba volti inayoitaka kwa hatua ndogondogo, na feki nyingi hazina hata habari nao.

Kisha nikamuuliza tundu la kebo likoje. Akasema ni lile pana la USB ya kawaida. Hilo nalo lingetosha peke yake, kwa sababu EP-TA800 ina tundu moja tu, la USB-C. Chaja zenye lile tundu pana zilikuwa za kizazi cha wati 15. Basi tangazo lilisema wati 25, lebo ikasema 15, na tundu likakubaliana na lebo. Hivyo ndivyo ninavyosoma picha yoyote ya chaja: sitafuti alama moja ya uhalisi, natazama kama vitu vilivyoandikwa na vinavyoonekana vinakubaliana vyenyewe kwa vyenyewe. Makosa ya tahajia yapo pia, na ukiyaona vizuri, ila feki za sasa zimejifunza kuandika. Hesabu bado inawashinda.

Mwalimu bado alikuwa anasitasita, kwa sababu bei ilikuwa tamu. Nikamwambia tupime pini.

Plagi yetu ya Kenya ni ile ya Kiingereza, na vipimo vya pini zake vimewekwa na kiwango cha BS 1363. Pini mbili za chini, zile zinazobeba stima, kila moja ina upana wa milimita 6.35. Kiwango hichohicho kinataka kutoka ukingoni mwa pini hizo hadi ukingo wa plagi pasipungue milimita 9.5, ili kidole kikizungukia plagi wakati unaichomoa kisifikie chuma. Gawanya 9.5 kwa 6.35 utapata moja na nusu. Kwa hiyo huhitaji kuwa na chaja mkononi. Pini yenyewe ndiyo rula yako: plastiki iliyobaki kati ya pini na ukingo, upande wowote, isipungue upana wa pini moja na nusu.

Mwalimu akaweka rula juu ya kioo cha simu. Alivyoikuza picha, pini ilipimika milimita 10, na kutoka pini hadi ukingo milimita 11. Ilipaswa kuwa 15 au zaidi. Ukirudisha kwenye kipimo halisi, hiyo ni kama milimita 7 tu za plastiki. Feki hupunguzwa hivyo kwa sababu plastiki ni pesa, na chaja ndogo hutoshea nyingi zaidi katika katoni moja. Ndiyo maana nikasisitiza kamera itazame mbele. Picha iliyopigwa kwa kuinama hufupisha upande mmoja na kurefusha mwingine, na unaweza kuisingizia chaja nzuri.

Ukiwa bado kwenye pini, angalia na rangi yake. Zile mbili za chini ziwe zimevikwa plastiki kuanzia kwenye shina hadi karibu nusu, chuma kibaki wazi upande wa ncha tu. Ziking'aa chuma mpaka kwenye shina, usinunue, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Pini za chaja nzuri kwa kawaida zina rangi iliyotulia na kingo laini. Za feki mara nyingi zinameta kama kijiko kipya na zina mikwaruzo au vinundu vya ukataji. Pini ndefu ya juu usiihangaikie ikiwa ya plastiki tupu. Chaja yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya wa ardhi, na pini hiyo ipo ili kufungua vile vifuniko vya ndani ya soketi. (Ndiyo kazi ile ile ambayo watu wa pini mbili huifanya kwa kijiti au kifuniko cha biro. Acheni, tafadhali.) Na chaja ya pini mbili za mviringo si lazima iwe feki. Huenda ni orijino iliyotengenezewa nchi nyingine.

Alama za CE na nyinginezo siziwekei uzito. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, na anayeiba jina la Samsung hatashindwa kuiba herufi mbili. Stika ya KEBS ya bidhaa za nje nayo mara nyingi iko kwenye boksi, na boksi tumeshalizungumzia.

Sasa lazima niseme picha inakomea wapi. Inaweza kuniambia kwa uhakika kwamba chaja ni feki, lakini haiwezi kuniambia kwa uhakika kwamba ni orijino. Kinachotofautisha chaja nzuri kiko ndani. Upande wa stima ya 240V na upande unaokwenda kwenye simu hutenganishwa kwa nafasi ya milimita kadhaa kwenye bodi, na transfoma yake hufungwa kwa tabaka za kuhami. Katika zile mbovu nilizozifungua, nyuzi za pande hizo mbili zimekaribiana mno, wakati mwingine zimetenganishwa na utepe mmoja tu. Hilo likishindwa, stima ya ukutani inafika kwenye kebo na kwenye mkono ulioshika simu. Kwa hiyo picha ikipita majaribio yote, jibu langu huwa "sijaona kosa", na namwomba mteja aichomeke dukani kwenye simu ya Samsung inayokubali wati 25, kwa kebo ya USB-C pande zote mbili, betri ikiwa chini. Skrini iandike Super fast charging. Ikiandika Fast charging tu, au isiandike lolote, airudishe kwa muuzaji papo hapo.

Visikizi ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa havina pini wala hesabu ya wati ya kuwaumbua. Nitazungumzia AirPods peke yake, maana ndizo zinazoigwa kuliko vyote. Rangi kwanza: visikizi vya AirPods vya kuingiza masikioni hutoka kwa Apple vikiwa vyeupe tu. Vyeusi ulivyoonyeshwa, hata viwe vizuri namna gani, si vyao.

Halafu rudi kwenye kanuni ya kukubaliana. Tundu la keshi, yaani kile kikasha cha kuchajia visikizi, lazima lilingane na kizazi kinachotajwa. AirPods za kawaida, zisizo Pro, za kizazi cha pili na cha tatu zina tundu la Lightning, lile la zamani la Apple, hazikuwahi kutoka na USB-C. AirPods 4 za mwaka 2024 ni USB-C pekee. AirPods Pro 2 ndizo zenye zote mbili: za 2022 ni Lightning, na kuanzia 2023 zikaja za USB-C. Dada mmoja wa Kakamega alitumiwa picha ya AirPods za kawaida za "kizazi cha pili" yenye tundu la USB-C, na hatukuhitaji kuendelea.

Namba tambulishi iliyochapwa ndani ya kifuniko si ushahidi. Watengenezaji wa feki hunakili namba moja ya kweli kwenye maelfu ya keshi, na ukiiingiza kwenye tovuti ya Apple inajibu vizuri. Bora omba picha ya karibu ya visikizi vyenyewe, maana kila kimoja kina maandishi yake madogo mno. Kwenye feki maandishi hayo huwa hayapo, au herufi zimevimba wino. Tazama pia wavu mdogo wa spika: ulale sawa na plastiki bila gundi kuchungulia pembeni, na mshono wa plastiki usikamate kivuli.

Kama muuzaji ana iPhone ya iOS 16 au ya baadaye, mwambie aziunganishe mbele yako kwa video. Simu yenyewe hutoa onyo ikishindwa kuthibitisha kwamba visikizi ni vya Apple. Akikuambia hana iPhone karibu, subiri mpaka apate ndipo utume M-Pesa.