Kodi ya zuio: anza na benki, cheti kifuate

Wazabuni wengi hapa Dodoma wakishapewa cheti cha kodi ya zuio wanakitia kwenye faili, basi. Mimi naanza na taarifa ya benki. Cheti kinasema kile ambacho mlipaji anadai amekata. Benki ndiyo inaonyesha kilichokatwa kweli.

Chukua malipo ya Machi 2024 ya fundi wa jenereta, mteja wangu wa Area C, aliyeifanyia kazi taasisi moja mjini. Ankara yake ilikuwa ya huduma shilingi 4,000,000, na VAT ya asilimia 18, yaani 720,000, jumla 4,720,000. Kwa huduma inayotolewa na mkazi, zuio ni asilimia 5, nalo hupigwa kwenye bei kabla ya VAT. Kwa hiyo zuio lilipaswa kuwa 200,000, na akaunti iingie 4,520,000. Cheti kilisomeka 200,000. Akaunti iliingia 4,484,000.

Pungufu ni 36,000. Aliyeandaa malipo alimwambia fundi kuwa hayo ni makato ya benki. Makato gani hayo ya elfu 36 kwa muamala mmoja? Gawanya 36,000 kwa 0.05, unapata 720,000, ileile VAT. Hati ya malipo ilikata asilimia 5 kwenye jumla nzima, ikatoka 236,000, wakati aliyeandika cheti alitumia bei isiyo na VAT. Pungufu lako ukiligawanya kwa kiwango cha zuio likakupa VAT ya ankara, karibu kila mara umeshampata mchawi.

Hapo usikimbilie kuomba cheti kipya cha 236,000. Uliza kwanza TRA ilipelekewa kiasi gani. Zuio la mwezi hutakiwa kulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, hivyo katikati ya Aprili jibu lilikuwa tayari lipo. Risiti pekee haitoshi, maana taasisi hulipa zuio la wazabuni wengi kwa mkupuo. Omba kuona mstari wenye jina lako na TIN yako kwenye orodha iliyowasilishwa. Kama ni 236,000, cheti kirekebishwe, kwani hicho ndicho utakachotumia kupunguza kodi yako ya mapato ya mwaka. Kama ni 200,000, cheti kiko sawa na zile 36,000 unamdai mlipaji. Ya fundi wetu ilikuwa hii ya pili, na barua yake ya madai ilibeba ankara, cheti na ukurasa mmoja wa taarifa ya benki.

Kwa malipo ya kuanzia Julai 2025 kuna jambo la kuongeza: sheria imeleta pia zuio la VAT yenyewe, asilimia 3 kwa bidhaa na 6 kwa huduma. Litenge kwanza kwenye mstari wake, maana hilo hudaiwa kwenye ritani ya VAT. Ukilichanganya na zuio la kodi ya mapato, ile hesabu ya kugawanya haitakuonyesha kitu.