"Alichukua", nani sasa? Ukalimani wa Kirusi kituo cha polisi

Ukikalimani Kiswahili na Kirusi polisi, shida kubwa si maneno magumu ya sheria, shida ni haka ka "a" ketu ka "alichukua". Kwetu hakasemi ni mwanaume au mwanamke, ila Kirusi kwenye wakati uliopita kinakulazimisha uchague, ukisema vzyal ni mwanaume kachukua, ukisema vzyala ni mwanamke.

Chukua mfano, Nungwi, mke na mume wa Kirusi wanatuhumiwa kuiba begi la mgeni mwenzao lililopotea mapokezi. Mhudumu anaeleza, "Alikuja asubuhi akachukua begi akaondoka." Watuhumiwa ni wawili, na wewe kwa mazoea tu unasema vzyal, basi hapo umeshamtaja mume kwa niaba ya shahidi! Wengine wanakwepa wanasema "begi lilichukuliwa", hiyo nayo inamfuta kabisa mtu aliyeonwa. Hata ukisema chelovek, yaani mtu, kitenzi chake bado kinaenda kiume na Mrusi anaweza kuelewa mwanaume.

Kinachotakiwa ni kusimama, unamwambia askari, "Mkalimani anaomba ufafanuzi, shahidi hajataja jinsia na Kirusi kinaihitaji," halafu hilohilo unalisema kwa Kirusi ili na wale wajue mnaongea nini. Swali anauliza askari, sio wewe. Na usiulize "yule bwana?" maana hapo unampa shahidi jibu. Akisema hakumtambua, mwambie Mrusi wazi kwamba shahidi hajui kama ni mwanaume au mwanamke.

Kurudi huku, kutoka Kirusi kuja Kiswahili, ndiko watu wanajisahau zaidi. Mke akisema ona vzyala, hiyo "ona" kwa Kirusi ni yeye wa kike, ukatafsiri "alichukua" tu, umedondosha habari, askari ataandika bila kujua katajwa mwanamke mwingine. Sema "yule mwanamke alichukua", inasikika nzito kidogo lakini ndo alichosema.

Sasa mke anakugeukia anakunong'oneza, "nijibu nini?" Usimjibu, na usinyamaze nalo, mtafsirie askari kama lilivyo, na kwa "mimi", sio "anauliza ajibu nini". Askari naye akimwambia mwenzake "hawa waongo hawa" mbele yao, hiyo nayo inaenda Kirusi bila kulainisha. Waambie wote mapema kwamba kila kitakachosemwa chumbani kinatafsiriwa, inapunguza ugomvi. Wenyewe Warusi wanalijua hili, kwao mkalimani anasainishwa kwanza onyo la kifungu cha 307 cha kanuni yao ya makosa ya jinai, kutafsiri uongo kwa makusudi ni kosa.

Mwisho maelezo ya mtuhumiwa yakishaandikwa kwa Kiswahili, msomee yote kwa Kirusi sentensi kwa sentensi kabla hajasaini, usimpe muhtasari hata kama askari ana haraka. Kila penye "ali-" angalia imeandikwa nani, maana "yule mwanamke" uliyemtamka vizuri mdomoni mara nyingi kwenye karatasi amebaki "alichukua" peke yake. Ukiona hivyo mwambie askari arekebishe kwanza, ndipo saini ifuate.