Mkokoteni barabarani: upite wapi, na usiku uwashe taa gani

Swali la kwanza kuhusu mkokoteni ni kama anayeuvuta anahesabiwa mtembea kwa miguu au dereva. Kwa macho ni mtu anayetembea, tena polepole. Kwa sheria, mara nyingi ameshatoka katika kundi hilo, na mambo mengine yote yanatokana na hapo: upande wa kupita, barabara asizoruhusiwa, na taa anazotakiwa kuwa nazo jua likizama.

Tuchukue Kenya. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inapotaja chombo cha usafiri haiishii kwenye magari yenye injini na matrela. Inahusisha pia kitu kingine chochote cha kusafirishia kinachotumika barabarani. Mkokoteni wa Marikiti na gari la punda la kuuzia maji vimo humo. Juu ya hapo kuna Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2009. Katika sheria za barabara za nchi nyingi, huhesabiwa mtembea kwa miguu yule anayesukuma kigari cha mtoto, kiti cha magurudumu, baiskeli au kigari kingine kidogo kisicho na injini. Neno la kushika ni “kidogo”. Toroli ya fundi mwashi ni kidogo. Mkokoteni uliokaa juu ya ekseli ya gari, una matairi ya gari na umebeba magunia ya kabichi si kidogo kwa kipimo chochote.

Tofauti hiyo unaiona kwanza katika upande wa kupita. Mtu anayetembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu hushauriwa ayakabili magari, ili ayaone yakija. Mkokoteni hauendi hivyo. Unafuata mwelekeo wa magari kama chombo kingine, ukishika ukingo wa kushoto kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto. Ukienda kinyume, dereva anayekukuta ana nafasi ndogo zaidi ya kukukwepa, maana mwendo wako unajumlishwa kwenye wake badala ya kupunguzwa.

Na njia ya waenda kwa miguu? Mkataba unamruhusu mtembea kwa miguu mwenye mzigo mkubwa kushuka barabarani iwapo kubaki kwenye njia ya miguu kungewasumbua wenzake sana. Ikiwa mwenye mzigo wa mikononi anaruhusiwa kushuka, mkokoteni mpana ndio kabisa mahali pake ni barabarani, pembeni. Wavutaji wengi hupanda njia ya miguu wakiogopa matatu, na siwalaumu, ila wanamhamishia mama mwenye mtoto mgongoni hatari ile ile.

Zipo barabara ambako mkokoteni hauingii kabisa. Barabara za kasi zilizojengwa kwa magari peke yake hufungiwa watembea kwa miguu, wanyama, baiskeli na vyombo visivyo na injini. Nairobi Expressway, iliyofunguliwa 2022, ni ya aina hiyo, na hata bodaboda na tuktuk hazipandi. Barabara ya Thika ni mseto: katikati kuna njia za magari ya kasi, pembeni kuna njia za huduma, na mkokoteni unafaa kubaki kwenye hizo za pembeni. Ndani ya miji, kaunti nazo zina uwezo wa kuweka masharti yao kuhusu barabara zilizo chini yake, kwa hiyo mtaa uliopita jana Nakuru si lazima mwenzake uruhusiwe Mombasa.

Sasa usiku. Kanuni ya Mkataba ni fupi: mbele mwanga mweupe au wa manjano, nyuma mwekundu, usiku na hata mchana ikiwa ukungu au mvua imeziba macho. Rangi hizo ndizo zinazomwambia dereva kama chombo kinamjia au kinamtangulia. Kwa mkokoteni taa moja inayotoa rangi zote mbili inatosha. Mkokoteni usiozidi upana wa mita moja umesamehewa taa, lakini dereva wa lori hajui umesamehewa.

Taa ikiwa moja, iwekwe upande wa kulia, yaani ule unaotazama katikati ya barabara. Wengi huifunga popote penye msumari. Taa ya kushoto inamfanya dereva aamini chombo kimeishia pale, kumbe mita nzima ya mbao na magunia imebaki gizani kuelekea kwake.

Gari la punda linadaiwa zaidi: pamoja na taa, liwe na viakisi mwanga, yaani riflekta, viwili vyekundu nyuma, karibu na kingo iwezekanavyo, ili upana wake usomeke. Taa zikishindikana kufungwa, mtu anayetembea ubavuni mwa gari, upande wa katikati ya barabara, anaweza kuzibeba mkononi.

Je, riflekta haitoshi peke yake? Tupige hesabu. Lori linakwenda kilomita 80 kwa saa, sawa na mita 22 hivi kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Breki nzuri kwenye lami kavu zitataka mita nyingine 40. Jumla ni zaidi ya mita 70. Taa za chini za gari humwonyesha kitu cheusi kisicho na mwanga kwa mita 40 au 50 hivi. Hapo ajali imeshaamuliwa, hata dereva awe makini namna gani. Kwa kilomita 50 kwa saa, hesabu ile ile inatoa mita 37 hivi, naye huenda akasimama.

Riflekta safi huonekana mbali kuliko hizo mita 50, na ni rahisi, kwa hiyo iwepo. Ila haina mwanga wake. Gari likitokea kwenye kona, taa zake zinamulika nje ya barabara hadi dakika ya mwisho, na riflekta inakaa kimya. Ikipakwa tope ni hivyo hivyo. Na kosa la kila siku ni mzigo: riflekta imepigiliwa kwenye ubao wa nyuma, kisha gunia linaning'inia juu yake. Namna ya kujua ni kupakia kwanza, kisha kusimama hatua 30 nyuma na kumulika tochi ukiwa umeishika usawa wa macho yako. Isipong'aa, ihamishie kwenye mzigo wenyewe kwa utepe au kamba.

Sharti la taa halikomi mkokoteni ukisimama. Mvutaji aliyechoka akiuegesha ukingoni usiku, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu na kwenda kunywa chai, ameacha barabarani chombo kisicho na mtu wa kukihamisha. Autoe nje ya lami kabisa. Ikishindikana, taa nyekundu ya nyuma ibaki inawaka, na akiondoka aondoke na lile jiwe, kwa sababu usiku huo huo mwenye bodaboda atapita hapo.