Mkataba wa bei kati ya kampuni na hoteli: yanayodhaniwa na yalivyo

Tuchukue kampuni moja ya kubuni ya Dar es Salaam inayofunga na kutengeneza mitambo. Kila mwezi mafundi na maofisa wake wanakwenda Dodoma, kwa kuwa wizara ziko Mtumba na kazi nyingi ziko huko. Imesaini mkataba na hoteli: shilingi 118,000 kwa chumba cha mtu mmoja, kifungua kinywa kikiwemo, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ikiwa ndani. Yaani 100,000 ni ya hoteli na 18,000 ni ya serikali. Chumba kimoja kwa usiku mmoja kinahesabiwa kuwa usiku mmoja wa malazi, na kampuni hii hutumia kama usiku 40 kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano, ila matatizo yatakayofuata si ya mfano. Mhasibu yeyote wa hoteli anayajua.

Dhana: "Tuna mkataba, kwa hiyo chumba kipo."

Hii ndiyo inayoleta kelele mapokezi, hasa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la Bajeti linapokaa na Dodoma nzima ikajaa wageni. Ofisa anapiga simu Jumatatu asubuhi akitaka vyumba vinne usiku huo huo, anaambiwa hoteli imejaa, naye anajibu kwa hasira kwamba wao wana mkataba.

Ukweli ni kwamba mkataba wa kawaida unafunga bei, haufungi vyumba. Kila safari inahitaji nafasi yake iliyoombwa na kuthibitishwa na hoteli. Kampuni inayotaka vyumba vishikiliwe kabla inapaswa kukubaliana hilo peke yake, kwa tarehe na idadi, na hoteli itaweka siku ya mwisho ambayo isipopewa majina ya wageni, vyumba vinarudi sokoni.

Lakini kuna jambo la ndani zaidi ambalo wengi hawalioni mpaka Mei ifike. Bei ya mkataba inaweza kuandikwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza, bei inatumika mradi chumba cha aina hiyo kinauzwa, hata kama kimebaki kimoja. Namna ya pili, hoteli inabaki na haki ya kuisimamisha bei hiyo siku inazotarajia kujaa. Chumba kipo, kinauzwa, ila si kwa bei yako. Kwenye karatasi tofauti hii mara nyingi imejificha ndani ya maneno machache kama "kulingana na upatikanaji", au kwenye orodha ya tarehe iliyobandikwa mwishoni kama kiambatisho.

Tuseme hoteli ilitoa ofa mbili: 118,000 ya namna ya kwanza, na 110,000 ya namna ya pili. Ofisa ununuzi anayepimwa kwa punguzo atakimbilia 110,000. Haya, tuhesabu. Kwa miezi kumi anaokoa 8,000 kila usiku, usiku 400, jumla 3,200,000. Mei na Juni bei hiyo inasimamishwa, na bei ya siku ni 170,000. Hapo analipa 52,000 zaidi kwa kila usiku, usiku 80, jumla 4,160,000. Ofa iliyoonekana ya chini imemgharimu karibu milioni moja zaidi. Angekuwa hasafiri kabisa wakati wa Bunge, ofa ya pili ingekuwa ndiyo nzuri. Kwa hiyo kabla ya kubishania punguzo, tazama kalenda ya safari zako.

Dhana: "Bei ya mkataba ni ndogo kuliko bei zote."

Si lazima. Bei iliyofungwa haipandi hoteli inapojaa, lakini pia haishuki inapokuwa tupu. Wikiendi ambayo hakuna Bunge wala mkutano, mtu anaweza kufungua simu akaona chumba kile kile kwa 105,000. Kabla ya kulalamika, tazama alichoona ni nini hasa: mara nyingi ni chumba bila kifungua kinywa, kinacholipiwa papo hapo, na pesa hairudi safari ikiahirishwa. Kampuni ambazo safari zake nyingi ni za msimu wa utulivu hufaidika zaidi na mkataba wa asilimia, mathalani punguzo la 15 kwa mia kutoka bei ya siku. Huo nao una ubaya wake: bei ya siku ikiruka, yako inaruka nayo.

Jambo jingine kwa wenye mikataba ya zamani iliyoandikwa kwa dola: kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zinataka bei za bidhaa na huduma ndani ya Tanzania zitajwe kwa shilingi.

Dhana: "Tukishasaini, tunakaa kwa mkopo, tunalipa baada ya siku 30."

Bei na mkopo ni mambo mawili, na kwa hoteli nyingi yanaamuliwa na watu wawili tofauti. Bei hutoka kwa idara ya mauzo, ambayo kazi yake ni kujaza vyumba. Mkopo hutoka kwa uhasibu, ambao kazi yake ni kuhakikisha pesa inarudi. Uhasibu utataka fomu yake: cheti cha usajili kutoka BRELA, TIN, namba ya VAT kama ipo, majina ya wanaoruhusiwa kusaini, na wauzaji wengine wawili watatu wanaokudai na wanaoweza kusema unalipaje. Mpaka fomu ipite, mgeni wako ana bei ya mkataba lakini analipa kabla, kwa ankara kifani.

Mkopo ukipita, unakuja na kikomo, na hapa ndipo kampuni nyingi zinakwama bila kuelewa kwa nini. Kampuni yetu inatumia usiku 40 kwa mwezi, ambazo ni shilingi 4,720,000. Ikaomba kikomo cha milioni 5, ikidhani kinatosha mwezi na kinabaki. Sasa fuata tarehe. Wageni wa Aprili wanalala mwezi mzima. Hoteli inatoa ankara Aprili 30. Siku 30 zinaisha Mei 30. Lakini Mei yote wageni wengine wanaendelea kulala. Kufikia Mei 29 kampuni haijachelewa hata siku moja, na tayari inadaiwa karibu miezi miwili, zaidi ya milioni 9. Kikomo kilijaa wiki ya kwanza ya Mei, na mapokezi yakaanza kudai malipo taslimu kutoka kwa fundi aliyefika na begi lake.

Dawa ni mojawapo ya mbili. Omba kikomo cha miezi miwili ya matumizi na kidogo juu yake, au kubali ankara itolewe kila mgeni anapoondoka na ulipe kwa mafungu.

Hakikisha pia mkataba unasema siku 30 zinaanza lini: tarehe ya mgeni kuondoka, tarehe ya ankara, au siku ankara ilipopokelewa ofisini kwako. Mwezi mmoja kwa mhasibu wa kampuni unaweza kuwa miezi miwili kwa mhasibu wa hoteli, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Mimi huwatetea hoteli kwenye jambo moja hapa. VAT ya Aprili inatakiwa TRA kufikia tarehe 20 Mei, iwe kampuni imelipa au haijalipa. Kwa kampuni yetu hiyo ni 720,000 ambayo hoteli inaitoa mfukoni siku kumi kabla ya mdaiwa kufikia tarehe yake. Mdaiwa akivuta mpaka siku 90, hoteli imemkopesha chumba, chai na kodi ya serikali. Ndiyo maana mkataba ulioandikwa vizuri unasema wazi kuwa deni likipita muda, mkopo unasimama, na wakati mwingine bei ya punguzo inasimama pamoja nao.

Dhana: "Mgeni ni wetu, bili yote ni yetu." Na pacha wake: "Sisi tunalipa chumba tu, hoteli inajua."

Hoteli haijui. Inafuata kilichoandikwa kwenye LPO, yaani hati ya kampuni ya kuagiza huduma, au kwenye barua yake kuhusu safari ile. Ikiandikwa tu "bili iletwe kwetu", mpokeaji ataingiza kila kitu: chakula cha jioni, nguo zilizofuliwa, bia za usiku alioshinda Simba au Yanga. Ikiwa haikuandikwa kitu, mpokeaji makini atamfungulia mgeni bili mbili, moja ya kampuni yenye chumba na kifungua kinywa, nyingine ya mgeni mwenyewe yenye mengineyo, na atamwomba amana kidogo anapofika.

Asiyekuwa makini hataomba amana. Mgeni atatoka alfajiri kuwahi treni ya SGR, akiacha 64,000 za chakula na kufua. Hoteli itazisukuma kwenye ankara ya kampuni. Mhasibu wa kampuni ataona mstari ambao haumo kwenye LPO, na badala ya kukataa 64,000 ataweka kando ankara nzima yenye 2,832,000 za vyumba, yaani mafundi wanne kwa usiku sita. Wiki tatu baadaye hoteli inauliza malipo na kujibiwa "ankara ina tatizo". Sehemu kubwa ya madeni yanayozeeka huzaliwa hivi.

Kwa hiyo LPO iseme nini kinalipwa na kwa kiasi gani, kwa mfano chakula cha jioni kisichozidi 25,000 kwa usiku, bila pombe. Mgeni asaini bili kabla ya kuondoka, na nakala iambatane na ankara. Na mkataba wenyewe uwe na sentensi hii: mstari ukibishaniwa, uliobaki unalipwa kwa wakati, na pingamizi litolewe kwa maandishi ndani ya siku kadhaa zilizotajwa, tuseme saba.

Jina la kampuni, TIN na namba ya LPO vikaguliwe kabla ya risiti ya EFD kutoka. Kurekebisha risiti iliyokwisha kutoka kwa jina la mgeni binafsi si kazi ya kalamu na karatasi nyeupe. Hoteli inapaswa kuifuta kwa utaratibu wa kodi na kutoa nyingine, na deni lako litakaa likisubiri.

Mgeni asipotokea je? Kwa kawaida kampuni inatozwa usiku wa kwanza. Ankara hiyo haina saini ya mgeni kwa sababu mgeni hakuwepo, kwa hiyo muda wa mwisho wa kufuta nafasi uandikwe kwa saa, si kwa neno "mapema".

Dhana: "Tusipofikisha idadi tuliyoahidi, tutapigwa faini."

Mara nyingi idadi ile ni makadirio. Usipoifikia, hoteli inapitia bei upya mwaka unaofuata, au katikati ya mwaka kama mkataba unaruhusu. Faini hutokea pale tu mkataba unapotamka wazi kwamba unalipia hata vyumba usivyotumia. Kinachowaumiza wengi ni hesabu yenyewe: usiku ambao mfanyakazi alijiwekea nafasi mtandaoni kwa jina lake hauingii kwenye akaunti ya kampuni. Omba ripoti ya hoteli kila robo mwaka na uilinganishe na orodha yako ya safari, ili Desemba usijikute unajadili bei mpya kwa usiku 310 wakati watu wako walilala 480.