Fedha zikibaki, mradi ulisimamiwa vizuri? Dhana potofu kuhusu ripoti ya kufunga mradi

Dhana: Salio mwishoni mwa mradi ni uthibitisho wa usimamizi mzuri wa fedha.

Katika kupitia ripoti za kufunga mradi, hii ndiyo kauli inayonichosha kuliko zote. Sehemu nzima ya bajeti huwa na sentensi moja: tumetumia pungufu ya kilichopangwa.

Tuchukue mfano wa mradi wa maji wa shilingi milioni 240, uliotakiwa kujenga vituo 12 vya kuchotea maji, ambao umefungwa ukiwa umetumia milioni 228. Salio la milioni 12 linapendeza hadi tunapofungua kifungu kimoja kimoja. Visima vilitengewa milioni 90 vikatumia 108, kwa sababu kisima cha kwanza hakikutoa maji na ikabidi kuchimba kingine. Mabomba na vituo vilitengewa milioni 110 vikatumia 83, kwa sababu vituo vitatu, vyenye thamani ya milioni 27, havikujengwa. Usimamizi na mafunzo vilitumia 37 kati ya 40. Tena kuna milioni 6 za mkandarasi zilizozuiliwa hadi muda wa kurekebisha kasoro uishe, ambazo bado ni deni.

Kwa hiyo kazi iliyofanyika kweli ilistahili milioni 213, yaani 240 ukitoa 27 za vituo visivyojengwa, nayo imegharimu 234, yaani 228 zilizotumika na 6 za deni. Mradi umezidisha milioni 21, na hilo salio ni vituo ambavyo wanakijiji hawakuvipata. Ndiyo maana nasisitiza kwamba jedwali la bajeti liwekwe ukurasa mmoja na orodha ya kazi zilizokabidhiwa, na kila tofauti iandikiwe chanzo chake. Kifungu cha visima kimepita kwa asilimia 20. Ikiwa mkataba unataka kibali cha mfadhili kwa ongezeko la aina hiyo, tarehe ya kibali itajwe hapo hapo.

Dhana: Kutaja masuala yasiyokwisha kunaichafua ripoti.

Si kweli. Suala lisiloandikwa hukosa mwenyewe siku timu inapotawanyika. Andika kwamba vituo vitatu havikujengwa, nani amekubali kuvichukua, kwa fedha ipi na hadi lini. Maneno "yatashughulikiwa na wahusika" hayamtaji mtu yeyote, nami huyarudisha kila ninapoyakuta.

Dhana: Sahihi ni utaratibu tu wa ukurasa wa mwisho.

Sahihi inathibitisha kile tu kilichoandikwa juu yake. Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji akisaini chini ya maneno "mradi umekamilika", amekiri kupokea vituo 12, na atapata shida kuvidai vile vitatu baadaye. Maneno sahihi ni kwamba amepokea vituo tisa vilivyokaguliwa, kwa tarehe iliyotajwa, isipokuwa masuala yaliyoorodheshwa, na asaini baada ya kuvifungua vituo hivyo mwenyewe na kuona maji yakitoka.