Mpapai dume ni upi hasa?

Mpapai dume ni ule ambao maua yake yana chavua lakini hayana ovari ya kufanya tunda. Jike lina ovari, halina chavua. Hayo wengi wanayajua, na shida ni kwamba wanaishia hapo. Mipapai ina jinsi tatu. Huu wa tatu, wa jinsi mbili, ndio unaokatwa ovyo kuanzia Buhongwa hadi Kisesa, mkoani Mwanza, kwa kuitwa dume. Mtu anapiga picha ya ua kwa mbele, anaona vichwa vya njano vya chavua katikati, anasema "dume hilo", na panga linafuata. Kumbe amekata mti uliokuwa na uwezo wa kujichavusha wenyewe na kumpa mapapai marefu.

Kuwa na chavua, basi, hakutoshi kumwita dume. Angalia kikonyo kwanza. Maua ya dume hukaa mengi kwenye kikonyo kirefu chenye matawi, kinachoning'inia mbali na shina, na kila ua ni kijibomba chembamba. Ya jike na ya jinsi mbili hukaa karibu kabisa na shina, kwenye kwapa la jani, kwa kikonyo kifupi. Kwa hiyo picha inayoonyesha ua peke yake kwenye kiganja cha mkono haitoshi. Hata anayejua mipapai hawezi kukuambia kitu cha uhakika bila kuona ua limetokea wapi.

Ukishajua kikonyo ni kifupi, kinachobaki ni kutenganisha jike na jinsi mbili. Chuma ua moja lililokaribia kufunguka, ulipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini, kisha upige picha ya ubavuni. Ua la jike ni nene upande wa chini, petali zake tano zimeachana karibu hadi kwenye kitako, na ndani kuna ovari ya mviringo kama goroli bila chavua yoyote pembeni. Ua la jinsi mbili limeshikana petali sehemu ya chini na kufanya bomba fupi. Ovari yake ni nyembamba na ndefu, na vichwa vya chavua vimeizunguka.

Mzee mmoja wa Kisesa alinitumia picha ya ua kwa mbele, akauliza kama mti aung'oe, maana jirani alishamwambia ni dume. Nilimwomba picha mbili nyingine: moja ya shina pale ua lilipotokea, nyingine ya ua lililopasuliwa. Ya kwanza ilionyesha kikonyo kifupi, maua matatu yamebanana kwenye kwapa. Ya pili ilionyesha ovari nyembamba katikati ya chavua. Mti ukabaki, na sasa una mapapai marefu.

Angepiga picha hizo katikati ya kiangazi, mti haujamwagiliwa, huenda tungedanganyika. Mpapai wa jinsi mbili ukipata joto kali au kiu, baadhi ya maua yake hutoka na ovari iliyosinyaa, na ua hilo ukilipasua linafanana na la dume. Kikonyo kinabaki kifupi, na hapo ndipo unapotambua. Mwagilia, subiri maua mengine, kisha upasue tena.

Siku hizi mzee ananitumia picha za matunda, akiuliza kama yameiva. Hapa napo maneno mawili yanachanganywa. Papai lililopevuka limemaliza kukua na linaweza kuchumwa. Lililoiva ni la kuliwa. Linapopevuka, michirizi ya njano huanza kitakoni, upande ule uliokuwa na ua, na utomvu wake hupungua weupe na kuwa mwepesi. Lichumwe hapo, litaivia ndani kwa siku chache. Likichumwa likiwa kijani tupu na kufunikwa kwenye gunia litalainika, ila utamu hautaongezeka, kwa kuwa papai halina akiba ya wanga ya kugeuza sukari kama ndizi. Ukubwa wa tunda haukuambii lolote, na umbo pia halikuambii: papai la mviringo si lazima liwe changa, mara nyingi ni tunda la mti jike.

Jirani yake bado anasema ule mti ni "dume linalozaa". Dume linalozaa lipo kweli: mara chache mpapai dume hutoa vijipapai vichache vinavyoning'inia mwishoni mwa vikonyo virefu. Lakini matunda ya mzee yamebanana kwenye shina. Mti huo, shehe wangu, ni wa jinsi mbili.