Kwa nini mtoto wa deikea haachi mafua

Mwanangu alianza deikea akiwa na miezi 14, na mwaka ule mkono wa sweta yake haukukauka kamasi. Jirani akaniambia, “Mama Neema, huyu mtoto hana kinga.” Kinga alikuwa nayo, ila ilikuwa bado haijakutana na mengi.

Tunasema “mafua” kana kwamba ni ugonjwa mmoja. Virusi vinavyoongoza kuyaleta huitwa rinovirusi, na hivyo pekee vina aina zaidi ya 160. Mwili ukiugua aina moja hutengeneza kingamwili za aina hiyo, na baadhi ya chembe nyeupe hubaki zikiikumbuka. Shida ni kwamba kingamwili hizo aghalabu haziitambui aina nyingine. Ndiyo maana mtoto anapona Ijumaa, wiki inayofuata anaanza tena, na hayo ni mafua mengine kabisa.

Mtu mzima ameshakutana na aina nyingi, hivyo huugua mara 2 hadi 4 kwa mwaka. Mtoto mdogo huugua mara 6 hadi 8, na wa deikea anaweza kufika 12, kwa sababu watoto 15 wa nyumba 15 wanapokezana mdoli mmoja mdomoni. Piga hesabu: mafua mara 8, kila mara siku 10, ni siku 80, na hayaji kwa kupangana vizuri. Ukitaka kujua kama ni mapya, angalia kama katikati alichangamka na kula, kisha kamasi ya majimaji ikaanza upya. Ikigeuka kijani usikimbilie antibiotiki. Rangi hiyo hutokana na chembe nyeupe zinazopambana.

Huko Tucson, Arizona, watafiti waliwafuatilia watoto wapatao 1,000 tangu kuzaliwa miaka ya 1980. Waliokuwa kwenye deikea kubwa wakiwa na miaka 2 waliugua mafua ya mara kwa mara kuliko waliolelewa nyumbani. Kuanzia miaka 6 hadi 11 mambo yakageuka: wa deikea wakaugua mara chache zaidi. Walipofika 13 tofauti ikatoweka, maana wenzao nao walikuwa wameshayapata shuleni. Kwa hiyo deikea haimpi mtoto kinga ya ziada ya maisha; inamtanguliza tu kuugua.

Na kinga hii ni ya mafua. Surua na kifaduro vina chanjo zake, wala haifai kumwachia mtoto “azizoee”.

Mafua ya kawaida hayamkoseshi mtoto pumzi. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: zikifika 40 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, au 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.